Mgeni Aliye Mlangoni: Kwa Nini Khabari Humtangulia Mubtadaa Nakira

Sentensi niliyowapa wanafunzi waitie kwenye Kiarabu ilikuwa nyepesi: Mlangoni pana mgeni. Walishamaliza mlango wa mubtadaa na khabari, msamiati wote walikuwa nao, na hakuna kitenzi cha kuwahangaisha. Nilipokusanya madaftari jioni ile, zaidi ya nusu yalikuwa na jibu moja: dhayfun inda-l-babi. Dhayfun ni mgeni, inda ni kwenye au karibu na, al-babi ni mlango. Kila neno ni sahihi na kila irabu ya mwisho iko mahali pake. Lakini maneno yale matatu, kwa mpangilio ule, si sentensi.

Mmoja wao alinifuata baada ya darasa akiwa na daftari mkononi. "Maalim, umenikosoa kwa wino mwekundu lakini hukuniandikia kosa ni nini. Mubtadaa nimemtia dhamma, na baada ya inda nimetia kasra. Sasa nimekosa wapi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Kanuni angeweza kuipata katika kitabu chochote cha daraja la pili: mubtadaa akiwa nakira asiyefungwa na chochote, na khabari ikiwa jari na majruri au dharfu, ni wajibu khabari itangulie. Jibu sahihi ni inda-l-babi dhayfun. Lakini mwanafunzi anayepewa kanuni hiyo bila sababu yake huisahau kabla ya mtihani, au huibeba hadi mahali isipohusika. Sababu inaeleweka vizuri sana kwa Mswahili, maana lugha yetu inakabiliwa na tatizo hilo hilo na imelitatua kwa njia nyingine.

Tuanze na sentensi isiyo na shida. Jumla ismiya, yaani sentensi inayoanza kwa jina, ina nguzo mbili: mubtadaa, ambaye ndiye anayezungumziwa, na khabari, ambayo ndiyo inayosemwa juu yake. Katika sarufi yetu tunaziita kiima na kiarifu. Kati ya nguzo hizo Kiarabu hakiweki "ni" wala "yuko". Ukitaka kusema mlango u wazi, unasema al-babu maftuhun, mlango na wazi, basi. Sasa msikilizaji atajuaje kwamba "wazi" ni taarifa juu ya mlango, wala si sifa ya kuutambulisha tu, kama tunavyosema "mlango ulio wazi"? Atajua kwa kusikiliza alifu na lamu. Al-babu ina al-, kwa hiyo ni jina linalojulikana, ambalo wananahau huliita maarifa. Maftuhun haina al-, bali ina tanwini, kwa hiyo ni nakira. Sifa ya Kiarabu lazima ilingane na jina lake: jina likiwa maarifa, sifa nayo inakuwa maarifa. Hapa hazikulingana, basi hii si sifa bali ni khabari, na sentensi imetimia. Ukisema al-babu l-maftuhu, zimelingana, na msikilizaji anabaki anangoja: mlango ulio wazi umefanya nini?

Ukiondoa al- pande zote mbili ukasema babun maftuhun, zimelingana tena. Huo ni mlango fulani ulio wazi, na msikilizaji bado anangoja. Hapo ndipo unapoona kwa nini wananahau walisema asili ya mubtadaa ni kuwa maarifa. Si suala la kupendelea majina yanayojulikana. Tofauti ya al- ndiyo inayoitenga taarifa na sifa, na ikiondoka, sentensi inaanguka na kuwa kifungu cha maneno.

Sasa chukua khabari ya aina nyingine, ile ya jari na majruri kama fi-d-dari, nyumbani, au ya dharfu kama inda-l-babi. Khabari hii haina al- yake yenyewe wala tanwini yake yenyewe. Ile al- iliyomo ni ya nyumba au ya mlango. Kifungu kizima hakisemi "mimi ni maarifa" wala "mimi ni nakira", kwa hiyo kile kipimo cha kulinganisha hakifanyi kazi tena. Pamoja na hayo, jina likiwa maarifa hakuna tatizo, kwa sababu Kiarabu kina neno maalumu la kuunganisha jina linalojulikana na maelezo yake, nalo ni alladhi. Adh-dhayfu inda-l-babi ni sentensi: yule mgeni yuko mlangoni. Adh-dhayfu lladhi inda-l-babi ni kifungu: yule mgeni aliye mlangoni. Alladhi likiwapo msikilizaji anajua ni maelezo, lisipokuwapo anajua ni taarifa.

Na jina likiwa nakira? Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Alladhi haliungani na nakira. Mwarabu akitaka kusema "mgeni aliye mlangoni" juu ya mgeni asiyejulikana, hatumii kiunganishi chochote. Anaweka maelezo nyuma ya jina moja kwa moja: dhayfun inda-l-babi. Umbo hilo, basi, lina kazi yake tayari, nayo ni kazi ya sifa. Ukilitumia kama sentensi unaliazima umbo lenye mwenyewe, na msikilizaji atalipa maana yake ya kawaida.

Nilimwambia yule kijana asome jibu lake kwa sauti, mimi nisikilize. Akasoma: dhayfun inda-l-babi. Nikanyamaza. Akaniangalia, nikamwambia, "Endelea, mgeni aliye mlangoni amefanya nini?" Akacheka, kisha akaongeza mwenyewe: yasalu anka. Dhayfun inda-l-babi yasalu anka: mgeni aliye mlangoni anakuulizia. Sasa ilikuwa sentensi kamili na safi, na khabari yake ni yasalu anka, yaani kitenzi na kijalizo chake. Inda-l-babi imerudi kwenye nafasi yake ya sifa. Maneno yake matatu ya mwanzo hayakubadilika hata herufi moja. Kumbe alichokuwa ameandika ni nusu ya sentensi nyingine.

Ukitanguliza inda-l-babi, mambo yanageuka papo hapo. Sifa ya Kiarabu haimtangulii anayesifiwa, kama vile katika Kiswahili hatusemi "mrefu mtu" bali "mtu mrefu". Msikilizaji anayeanza kusikia inda-l-babi hawezi kuidhani sifa ya neno ambalo bado halijatamkwa. Ameshapewa mahali, na anachongojea ni kujua hapo pana nini. Ukisema dhayfun, umemaliza.

Sasa tuangalie upande wetu. Kiswahili hakina al-, lakini kina silaha mbili ambazo Kiarabu hakina kwa jina nakira. Ya kwanza ni kirejeshi: mgeni aliye mlangoni ni maelezo, mgeni yuko mlangoni ni taarifa, na silabi ile ya "-ye" inatosha kuzitenga. Ya pili ni upatanisho wa mahali. Tunapotaka kuleta kitu kipya mbele ya msikilizaji, tunapafanya mahali kuwa ndipo kiima: mlangoni pana mgeni, chumbani mna mtu, mjini kuna maneno. Kitenzi kinapatana na mlangoni, na mgeni anakuja mwisho. Tukisema mgeni yupo mlangoni, msikilizaji huelewa ni mgeni tuliyekwisha kumtaja au tuliyekuwa tunamtarajia. Jaribu kuingia nyumbani ukasema "Kitabu kipo mezani", utaulizwa "Kitabu gani?" ikiwa hakuna aliyekuwa anakitafuta. Sema "Mezani pana kitabu", na hakuna atakayeuliza hivyo.

Kwa hiyo Mswahili tayari anatanguliza mahali pale ambapo Mwarabu anatanguliza khabari, na kwa jambo lile lile: kilichojulikana kwanza, kigeni baadaye. Mbona basi wanafunzi wanakosea? Nimeyachunguza madaftari yao kwa miaka, na naona kosa linaingilia kwenye neno "kuna". Mwanafunzi haandiki moja kwa moja kutoka "mlangoni pana mgeni". Kichwani huigeuza kwanza kuwa "kuna mgeni mlangoni", ambayo nayo ni Kiswahili kizuri. Halafu anatafuta Kiarabu cha "kuna", hakipati, analiacha. Kilichobaki mkononi ni "mgeni mlangoni", na hicho ndicho anachokiandika. Dawa yake niliyoiona ikifaa ni kumzuia asianze na "kuna". Airudishe sentensi kwenye umbo la "mahali pana kitu", kisha aondoe "pana" peke yake. Mlangoni, mgeni: inda-l-babi dhayfun. Mfukoni, pesa: fi-l-jaybi nuqudun. Mpangilio unajileta wenyewe.

Vitabu vya kuanzia navyo vinachangia. Ajurrumiya, ambayo ndiyo mlango wa nahau kwa vyuo vingi vya pwani yetu, iliandikwa na Ibn Ajurrum wa Fasi aliyefariki mwaka 1323, na inataja kwamba khabari yaweza kuwa jari na majruri au dharfu. Lakini mifano yake ya mahali hapo ni ya Zaydi, na Zaydi yuko mbele daima. Zaydi ni jina la mtu, na jina la mtu ni maarifa, kwa hiyo anaweza kukaa mbele bila wasiwasi. Mwanafunzi anatoka na picha ya Zaydi kichwani, kisha anamwondoa Zaydi, anamweka "mgeni" mahali pale pale, na hajui kwamba amebadilisha kitu kikubwa. Suala la kutanguliza atalikuta baadaye, katika sherehe au katika Alfiya ya Ibn Malik, ikiwa atafika huko.

Kuna mjadala wa wakubwa hapa ambao unafaa kusimuliwa, kwa sababu unasaidia kuelewa kanuni inatenda nini hasa. Wengi walihesabu kutangulia kwa khabari ya aina hii miongoni mwa mambo yanayomhalalisha nakira kuwa mubtadaa, yaani kana kwamba kule kutangulia kunamwongezea nakira utambulisho. Wakashurutisha pia kwamba mahali pale pawe mahususi. Ukisema inda babin dhayfun, "kwenye mlango mmoja pana mgeni mmoja", hujasema kitu, maana dunia haikosi wakati wowote mlango fulani wenye mgeni fulani. Ibn Hisham wa Misri, aliyefariki mwaka 1360, aliitazama hoja hiyo katika Mughni al-Labib akalifungua fundo lake. Kwake yeye, khabari inatangulizwa ili kuondoa dhana ya sifa, basi. Kuliorodhesha jambo hilo miongoni mwa vihalalishi kunamfanya msomaji adhani kwamba kule kutangulia ndiko kunakomtambulisha nakira, na sivyo. Kinachoipa sentensi faida ni umahususi wa mahali.

Mimi niko na Ibn Hisham, na sababu yangu ni ya darasani. Ukimwambia mwanafunzi kwamba kutangulia kunamtambulisha nakira, atakuuliza: mgeni huyu ametambulika vipi kwa kusogezwa nyuma? Huna jibu. Ukimwambia kwamba mpangilio unazuia kudhaniwa sifa, anaona kwa macho yake, na zaidi ya hapo anaweza kubashiri kanuni itakoma wapi.

Inakoma pale ambapo dhana ya sifa imeondoka au imedhoofika kwa njia nyingine. Mgeni akishapewa sifa moja, mfano dhayfun min Lamu, mgeni kutoka Lamu, inaruhusiwa kusema dhayfun min Lamu inda-l-babi. Nakira alipokuwa mtupu, kitu alichokihitaji kwanza kilikuwa sifa ya kumtambulisha, kwa hiyo msikilizaji aliipokea inda-l-babi kama sifa. Sasa ameshatambulishwa, na kinachokosekana zaidi ni taarifa. Kukanusha na kuuliza navyo vinalegeza kamba: hal dhayfun inda-l-babi? "Je, kuna mgeni mlangoni?" inakubalika, kwa kuwa swali linamhusu mgeni yeyote yule, wala si mmoja anayesubiri kutambulishwa.

Dua nayo iko nje ya kanuni hii, na mfano wake tunao midomoni kutwa. Salamun alaykum, bila al- na kwa tanwini, inaanza na nakira na khabari yake ni alaykum, juu yenu. Hakuna anayesikia "amani iliyo juu yenu" akangoja imefanya nini, kwa sababu ni maombi, na maana ya kuomba imekwisha kuimaliza sentensi. Ile tunayoizoea zaidi, as-salamu alaykum, ina al- na haina suala lolote. Tazama jibu lake: wa alaykumu s-salam. Hapa khabari imetangulia ilhali mubtadaa ni maarifa, na hakuna aliyelazimisha. Anayejibu ameanza na "nanyi pia juu yenu" kwa sababu anaelekeza maneno kwa aliyemsalimu. Huko ni kutanguliza kwa hiari.

Hiari na lazima ni vitu viwili, na kuvichanganya ni kosa la pili ninalokutana nalo, safari hii kwa wanafunzi waliokwishaonja elimu ya balagha. Wamefundishwa kwamba kilichotangulizwa kimetiliwa mkazo au kimefanya hasri, yaani "hapa wala si kwingine". Fi-d-dari Zaydun yaweza kweli kubeba hilo: Zaydi yumo nyumbani, si sokoni. Kisha wanaikuta fi-d-dari rajulun na kuifasiri "nyumbani tu ndimo mna mtu". Kwa maoni yangu huko ni kuupa mpangilio maana ambayo haukuchaguliwa kuileta. Msemaji wa fi-d-dari Zaydun alikuwa na njia mbili akachukua moja, na uchaguzi wake una maana. Msemaji wa fi-d-dari rajulun alikuwa na njia moja. Muktadha ukileta maana ya hasri sawa, lakini mpangilio peke yake hautoshi kuithibitisha. Na ukikuta fi-d-dari sahibuha, "nyumbani yumo mwenyewe", khabari imetangulia kwa lazima nyingine kabisa: lile ha la sahibuha linarejea kwenye nyumba, kwa hiyo nyumba lazima itajwe kwanza.

Limebaki swali ambalo mwanafunzi mzuri huliuliza mwishoni: tuna hakika gani kwamba dhayfun pale mwisho ndiye mubtadaa? Huenda tumegeuza tu majina ya vitu. Swali hili liliwagawa watu wa Kufa na watu wa Basra karne nyingi nyuma, na Ibn al-Anbari wa Baghdadi, aliyefariki mwaka 1181, aliliweka katika kitabu chake al-Insaf cha kukusanya hitilafu zao. Watu wa Kufa walisema jina linalofuata dharfu limerufaishwa na dharfu yenyewe, kama vile kitenzi kinavyomrufaisha mtendaji wake. Watu wa Basra walisema hapana, ni mubtadaa aliyecheleweshwa, na ushahidi wao ni inna. Inna huingia kwenye jumla ismiya na kumtia mubtadaa fat-ha. Haimgusi mtendaji. Iingize hapa: inna inda-l-babi dhayfan. Fat-ha imeruka juu ya mlango ikaenda kumwangukia mgeni mwishoni. Inna imemtambua mubtadaa wake hata akiwa nyuma.

Hicho ndicho kipimo ninachowapa wanafunzi wangu, kwa sababu kinafichua pia nani ameelewa na nani amekariri. Aliyekariri huandika inna inda-l-babi dhayfun, kwa kuwa macho yake yanatafuta fat-ha karibu na inna, na asipoipata huacha mambo yalivyo. Aliyeelewa huandika dhayfan bila kusita. Mwenye shaka atie kana badala ya inna: kana inda-l-babi dhayfun, dhamma inabaki, maana kana humrufaisha jina lake. Inna na kana zikija na majibu mawili tofauti juu ya neno lile lile la mwisho, umeshampata mubtadaa.

Katika Kiarabu cha magazeti ya leo utakutana na hunaka, "pale", likiwekwa mwanzo: hunaka dhayfun inda-l-babi. Wafasiri wetu hulipenda kwa sababu hatimaye wamepata neno la "kuna". Lugha haikuvunja kanuni hapo. Hunaka ni dharfu ya mahali, nayo imetangulia kama khabari inavyotakiwa kutangulia. Wasemaji wa Ghuba wamefanya vivyo hivyo kwa fi ya mitaani, ambayo asili yake ni fihi, "ndani yake". Wamechukua khabari ya mahali wakaifanya neno la kudumu la "kuna", na limebaki pale pale mbele.

Walimu wenzangu wa nahau, msimsahihishe mwanafunzi sentensi hii kwa wino tu. Mwambieni aisome kwa sauti, mnyamaze, na mmuulize mgeni aliye mlangoni amefanya nini.